Kapasita Ikae Upande wa Omu Nyingi: Hotuba kwa Mafundi wa Redio, Kisumu

Mabibi na mabwana, walimu wetu, mafundi wenzetu, nanyi wanafunzi mliotoka Kakamega, Busia na Nakuru, hamjambo? Karibuni sana Kisumu, na asanteni kwa kufika mapema kabla jua halijawa kali.

Mezani hapa pana koili moja na kapasita moja. Basi. Vitu hivi viwili vikiunganishwa kwa umbo la herufi L, kimoja kikiwa njiani na kingine kikishuka kwenda ardhini, vinaweza kuifanya transmita ya omu 50 ione omu 50 hata kama mzigo ulioko mbele yake si omu 50. Kazi hiyo ndiyo tunaiita kulinganisha. Saketi yenyewe ni fupi, lakini tunaiona ikijengwa kinyume mara nyingi mno. Kwa hiyo leo tutachukua mfano mmoja tu na kuufuata kuanzia hesabu hadi kwenye mita.

Mfano ni huu. Transmita inatoa wati 5 kwa masafa ya megahezi 7.1, na imeundwa kulisha omu 50. Antena ni waya uliovutwa juu ya paa, na kwa masafa hayo hayo imepimwa ikaonekana kuwa omu 250 tupu, bila reaktansi, yaani bila ule upinzani wa koili au kapasita unaobadilika kufuata masafa. Tumechagua 250 kwa makusudi kwa sababu hesabu yake inatoka safi, lakini njia ni ile ile kwa namba yoyote. Na kwa kuwa tunazungumzia kurusha mawimbi, mwenye kutaka kuifikisha saketi hii hewani awe kwanza na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Majaribio ya mezani tutayafanya kwa rezista.

Ukiunganisha antena hiyo na transmita moja kwa moja, mita ya SWR, ile inayopima kiasi cha mawimbi yanayorudi kwenye transmita, itakuonyesha 5, maana 250 gawanya kwa 50 ni 5. Sehemu nne kati ya tisa za nguvu zinarudi zilikotoka. Transmita nyingi za kisasa zikiona hivyo hujipunguza zenyewe ili zisiungue, kwa hiyo hata kile kilichobaki hukipati chote.

Hapa kuna fundi atakayesema, kwani shida iko wapi? Weka rezista ya omu 62.5 sambamba na antena, utapata omu 50 kamili. Ni kweli, utapata, na sindano ya SWR itatulia kwenye 1. Lakini umeme hugawanyika kufuata ukinzani, na rezista yako ya 62.5 itachukua sehemu nne huku antena ikiachiwa moja. Katika wati 5, wati 4 zinapasha rezista joto na wati 1 inafika kwenye antena. Bila kulinganisha chochote, kama transmita isingejipunguza, ungefikisha karibu wati 2.8. Yaani dawa imekuwa mbaya kuliko ugonjwa, na mita inasema umepona. Tafadhali likumbukeni hili kila mnapoiamini SWR peke yake: mita hiyo inapima kinachorudi, haijui kilichokwenda kimeishia wapi.

Koili na kapasita hazina tabia hiyo. Kila mzunguko zinapokea nishati na kuirudisha, na zikiwa za ubora mzuri karibu hazili kitu. Ndiyo sababu tunazitumia.

Sasa zinafanyaje kazi? Twende polepole hapa, kwa sababu ukilielewa jambo hili huhitaji kukariri mchoro. Chukua ile omu 250 uiwekee kapasita sambamba, yenye reaktansi ya omu 125. Vitu viwili vilivyo sambamba vinaweza kuandikwa upya kana kwamba vimefuatana mstari mmoja, na ukipiga hesabu hiyo kwa namba zetu unapata 50 − j100. Iangalieni vizuri: upande wa ukinzani umeshuka kutoka 250 hadi 50 hasa, na hakuna kilichopotea. Kapasita imeshafanya nusu ya kazi. Kasoro iliyobaki ni ile −j100, mkia wa kikapasita. Mkia huo unaukata kwa koili ya +j100 iliyowekwa njiani, kati ya transmita na kapasita. Jumla yake ni 50. Transmita inaona omu 50 na haina habari kwamba kuna 250 huko mbele.

Kwa hiyo kila kifaa kina kazi yake. Kile kilicho sambamba kinaushusha ukinzani, na kile kilicho njiani kinafuta reaktansi iliyobaki. Shikeni hilo, litatufaa sana tutakapofika kwenye kupima.

Namba za 125 na 100 hazikutoka hewani. Zinatokana na Q ya saketi, nayo inategemea uwiano wa ukinzani wa pande mbili tu:

```
Q  = √(Rkubwa / Rndogo − 1)
Xp = Rkubwa / Q        (kilicho sambamba)
Xs = Rndogo × Q        (kilicho njiani)
C  = 1 / (2π × f × Xp)
L  = Xs / (2π × f)
```

Kwetu, 250 gawanya kwa 50 ni 5, toa 1 inabaki 4, kipeuo chake cha pili ni 2. Q ni 2. Xp ni 250 kwa 2, yaani 125. Xs ni 50 mara 2, yaani 100. Kwa megahezi 7.1, kapasita inakuwa pikofaradi 179, na koili mikrohenri 2.24. Kapasita ya 180 inauzwa tayari kwa thamani hiyo hiyo, na tofauti ya pikofaradi moja haina madhara.

Sasa kosa lenyewe. Fundi anaukumbuka mchoro wa koili na kapasita, lakini amesahau kapasita inashuka upande gani wa koili. Anaiweka upande wa transmita, na koili inabaki inaelekea antena. Vifaa ni vile vile, thamani ni zile zile. Transmita itaona takriban 62 − j119, na SWR itapanda hadi karibu 6.5. Bila saketi yoyote ilikuwa 5! Anaanza kuikunjua koili, anabadilisha kapasita, anailaumu antena, na siku inaisha. Kumbe kosa ni sentimita mbili za waya.

Sababu iko wazi ukirudi kwenye kazi za vifaa. Kifaa kinachoushusha ukinzani lazima kikae sambamba na ukinzani unaotaka kuushusha, yaani ule mkubwa. Ukianza na koili mbele ya omu 250, zile 250 zinabaki 250 na umeongeza reaktansi juu yake. Ukizitazama kwa sambamba zimezidi kukua. Basi, kapasita ikae upande wa omu nyingi. Ikiwa mzigo ndio mdogo, tuseme antena fupi ya omu 10, unaigeuza saketi: kapasita inakwenda upande wa transmita, kwa sababu sasa 50 ndiyo kubwa. Uwiano ni 5 tena na Q ni 2, lakini thamani zinabadilika sana: koili ya mikrohenri 0.45 na kapasita ya pikofaradi 897. Kuigeuza saketi ile ile ya kwanza bila kupiga hesabu upya hakutafaa.

Tujenge. Kwa mzigo wa majaribio, chukua rezista nne za kilo-omu 1, za wati 2 kila moja, uziunganishe sambamba. Unapata omu 250 zinazobeba wati 8, nasi tunatumia 5. Ziwe za utando wa kaboni au wa metali. Zile za waya uliosokotwa, nyeupe za saruji, ni koili ndani yake; kwa betri zinasoma sawasawa, kwa megahezi 7 zinakudanganya.

Koili tutaizungusha juu ya kipande cha paipu ya plastiki ya kupitishia nyaya za umeme, ile ya milimita 25 ambayo duka lolote la vifaa vya ujenzi linayo. Waya ni wa shaba wenye vanishi, unene wa milimita 1, na mafundi wa kusuka mota upya huwa na mabaki yake. Zungusha mara 11, kisha nafasisha mizunguko ili koili nzima ichukue urefu wa milimita 24. Hesabu inatoa mikrohenri 2.26. Uzuri wa koili ya hewa ni kwamba unairekebisha kwa vidole: ukiivuta iwe ndefu thamani inapungua, ukiibana inapanda. Kwa urefu wa milimita 25 tayari umeshuka hadi 2.2. Usiipake gundi mpaka upimaji uishe.

Mwenye kutaka kitu kidogo zaidi atumie pete nyekundu ya unga wa chuma, T68-2, mizunguko 20, atapata takriban mikrohenri 2.28. Lakini jihadharini sana na pete za manjano na nyeupe zinazotolewa kwenye pawasaplai za kompyuta chakavu. Ziko nyingi na ni za bure, lakini ule ni unga uliotengenezwa kwa masafa ya chini. Kwa megahezi 7 zinakula nguvu na kupata moto.

Kapasita iwe ya maika au ya kauri aina ya NP0, ya volti 500. Kwa wati 5 juu ya omu 250, volti za kilele ni 50 tu, lakini kwa wati 100 zinafika 224, na ampea 1.26 zinapita ndani ya kapasita hiyo. Kauri za kawaida za kuchujia umeme thamani yake hubadilika zikipata joto, na saketi inahama wakati unaongea. Zile kapasita ndogo za kuzungusha zinazotolewa kwenye redio mbovu pale sokoni Kibuye zinafaa sana kwa kutafuta thamani kwenye majaribio ya nguvu ndogo, ila ndani yake kuna karatasi nyembamba za plastiki, kwa hiyo usizipelekee wati 100.

Unganisha kwa waya fupi. Kila milimita ya waya ina takriban nanohenri moja, kwa hiyo sentimita 10 za waya wa kuning'inia ni kama omu 4.5 za reaktansi kwa masafa haya. Ubao wa plastiki wenye matundu, ule wa majaribio ya shuleni, uuache kabisa kwa kazi hii. Tumia kipande cha bati au ubao wa shaba uwe ardhi, na vifaa visimame juu yake.

Kupima. Kifaa kidogo cha NanoVNA, kinachosoma ukinzani na reaktansi kwa kila masafa, kinatosha. Kipe masafa ya megahezi 6.5 hadi 7.5, kisha kisahihishe kwa OPEN, SHORT na LOAD mwishoni mwa kebo utakayoitumia, si kwenye tundu la kifaa chenyewe. Transmita isiguse kifaa hiki hata kwa sekunde moja, kitakufa. Anza kwa kupima mzigo peke yake. Ukiona karibu 250 na reaktansi ndogo, endelea. Ukiona kitu kingine, rekebisha mzigo kwanza, maana hesabu yote imesimama juu ya 250 tupu.

Kisha pima kupitia saketi, na usiangalie SWR kwanza. Angalia namba mbili: ukinzani na reaktansi. Hapa ndipo ule mgawanyo wa kazi unapotulipa. Ukinzani unatokana na kapasita. Ukiwa juu ya 50, kapasita ni ndogo. Ukiwa chini ya 50, kapasita ni kubwa. Reaktansi iliyobaki ndiyo unayoifuta kwa koili: ikiwa hasi, ibane koili, ikiwa chanya, ivute. Tengeneza kapasita kwanza, kwa sababu kuibadilisha kunagusa namba zote mbili, ilhali koili inagusa reaktansi peke yake.

Tuseme kifaa kinasoma 42 + j7. Fundi mwenye haraka ataona ile +j7, ataivuta koili mpaka iwe sifuri, atabaki na 42 na SWR ya 1.2, na hataelewa kwa nini haishuki. Ile 42 inakwambia kapasita ni kubwa, kama pikofaradi 200 badala ya 180. Pikofaradi 20 za ziada zimetoka wapi, na kapasita imeandikwa 180? Angalia ulivyojenga: pengine ni kipande kirefu cha kebo kati ya kapasita na mzigo, pengine ni waya wa moto uliolala juu ya bati. Ondoa hizo, au weka kapasita ya 160 na ukubali kwamba mpangilio wako umetoa zilizobaki. Namba zote mbili zitarudi mahali pake kwa pamoja, bila kuigusa koili.

Kwenye chati ya Smith utayaona haya kwa macho. Mzigo wa 250 uko kwenye mstari wa katikati, upande wa kulia. Kapasita inaupeleka chini kwa kufuata duara hadi 50 − j100, na koili inaupandisha kwa duara lingine hadi katikati. Ukiwa umegeuza saketi, nukta haiwezi kufika katikati hata ukivuta koili hadi jioni.

Upana wa masafa si tatizo kwa uwiano huu. Kutoka 7.0 hadi 7.2, SWR haizidi 1.1. Lakini ukipeleka transmita 3.55 utapata karibu 3.5, na kwenye 14.2 utapata kama 31. Hiyo ya mwisho ina faida yake: uchafu wa transmita ulio kwenye masafa maradufu unazuiwa, ni kama sehemu moja tu kati ya nane inayopenya kwenda kwenye mzigo. Si kichujio kamili, ila ni msaada.

Uwiano ukikua, mambo yanabana. Mzigo ukiwa omu 2450, Q inakaribia 7. Saketi inakuwa nyembamba kwa masafa, na kwa wati 100 volti za kilele zinakaribia 700. Hasara nayo inapanda, kwa kuwa hasara ya koili ni takriban Q ya saketi gawanya kwa Q ya koili yenyewe. Koili nzuri yenye Q ya 200 katika mfano wetu wa kwanza inapoteza asilimia 1. Hapa inapoteza asilimia 3.5. Kwa uwiano mkubwa hivyo ni afadhali L mbili zinazofuatana, zikikutana katikati kwenye omu 350. Kila moja itakuwa na Q ya karibu 2.4.

Na koili mbaya utaijuaje, ikiwa SWR inapendeza? Tuseme pete yako ya kompyuta ina ukinzani wa omu 5 ndani yake. Transmita itaona 55 badala ya 50, SWR 1.1, na kila mtu atafurahi. Lakini karibu asilimia 9 ya nguvu zinaishia kwenye pete. Kwa wati 100 hizo ni wati 9 ndani ya kitu kidogo kuliko kifundo cha kidole. Rusha kwa dakika moja, zima transmita, kisha gusa koili. Ikiwa ya moto huku sindano imetulia, unajua nguvu zimekwenda wapi.

Jambo la mwisho linatuhusu sana sisi wa ukanda huu wa Ziwa. Saketi hiyo ina pacha wake: kapasita njiani, koili sambamba upande wa antena. Kwa mfano wetu ni kapasita ya pikofaradi 224 na koili ya mikrohenri 2.8. Inalinganisha sawasawa kabisa na ile ya kwanza, ila inapitisha masafa ya juu, kwa hiyo haikusaidii na uchafu wa transmita. Kichujio utakiweka mwenyewe. Faida yake ni kwamba antena inakuwa imefungwa ardhini kupitia koili muda wote. Chaji inayojikusanya kwenye waya mrefu mawingu yanapokaribia, ile inayotoa cheche kwenye kiungo hata kabla ya tone la mvua, inashuka polepole bila kufika kwenye redio. Kwa antena iliyo juu ya paa Kisumu, Kakamega au Kisii, sisi tungechagua hii.

Ila koili hiyo inamaliza chaji ya polepole tu. Haiwezi kuizuia radi yenyewe. Mkiona mawingu yakijikusanya upande wa Ziwa, ichomoeni kebo ya antena na kuitoa nje ya nyumba kabla ngurumo haijasikika.